Paja Lisilo na Muhuri

Mlango wa nyuma wa hoteli yetu ni wa bati, umepakwa rangi ya kijani, na unafungukia ua wa saruji unaomwagiwa maji kila alfajiri. Abiria wanaoshuka kwenye mabasi hapa Kabuku kupata chakula hawaujui. Wao huingia kwa mbele, wanakula wali au chipsi, wananawa, wanaitwa na honi, wanaondoka. Mimi nimekaa kwenye mlango huu tangu nilipoacha kufundisha madrasa, baada ya kifua kunikatalia kusomesha watoto kwa sauti. Tajiri mwenye hoteli alinitafuta mwenyewe. Alisema anataka mtu ambaye hatachukua kitoweo cha bure akafumba macho. Nilimshukuru Mungu, maana nilikuwa sijui nitaishije, nikaja.

Kazi ni kupokea. Kabla kitu hakijavuka kizingiti, nakipima joto, nakiangalia, nakinusa, nakiweka kwenye mzani, halafu ndipo nasaini. Mpangilio huo haubadiliki. Anayesaini kwanza akapima baadaye hajapokea kitu, amepokea maneno. Asubuhi naanza na kipimajoto chenyewe. Napondaponda barafu kwenye bilauri, natia maji kidogo, nachovya sindano bila kugusa chini, nasubiri isome sifuri. Isiposoma sifuri, sina cha kumwambia mtu siku hiyo.

Samaki wa Tanga nawafunua mashavu. Yakiwa mekundu ni sawa, yakiwa ya kahawia warudi. Jicho lijae, lisiwe limedidimia. Barafu namwaga kwanza ndipo napima uzito, kwa sababu hoteli hainunui maji. Kuku wa kugandishwa natazama chini ya boksi. Nikikuta maji yaliyoganda pale chini kama kioo, najua wameyeyuka njiani wakagandishwa tena. Nyanya za kutoka Kwashemshi zinakuja kwenye matenga, na wakulima wa kule ni watu wema, lakini tenga huwa na juu na chini, na mimi huomba lipinduliwe. Mchele unapimwa na gunia lake, halafu gunia linatolewa. Haya yote nilijifunza uzeeni, pole pole, na nashukuru kwamba aliyenifundisha hakunicheka. Alikuwa mpishi mkuu wetu, mwanamke wa Kishambaa, Mkristo, mwenye sauti kubwa na mkono mwepesi kwenye chumvi. Ananiita ustaadhi mbele za watu, na tukibaki wawili ananiita babu.

Nyama ya mbuzi ndiyo ilikuwa na sharti lake la pekee. Ya moto, iliyochinjwa alfajiri ileile, inapokelewa ikiwa ina muhuri wa bwana mifugo na imefika mapema, kisha inaingia sufuriani moja kwa moja. Ya baridi inapokelewa ikiwa nyuzi joto tano au chini. Katikati ya hizo mbili hakuna nyama inayopita. Sharti hilo liliwekwa kwa ajili ya mdogo wangu, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akituletea mbuzi na hakuwa na gari la baridi.

Sisi tumezaliwa Mazingara. Mimi nilikwenda kusoma dini, yeye alikwenda minadani. Alijua Kimaa, lugha ya Wamasai, cha kununulia mbuzi na cha kutukania, na wafugaji wa nyanda kavu za Handeni walimpenda kwa vyote viwili. Mara tatu kwa juma pikipiki yake ya magurudumu matatu ilirudi kinyumenyume hadi kwenye kizingiti changu, akashuka, akaamkia shikamoo kwa heshima zote, kisha akaanza kelele. "Pima, kaka, pima! Choma sindano! Huyu mbuzi alfajiri alikuwa anatembea kuliko wewe." Nilipima. Sikumwachia hata mara moja, na wala hakutaka nimwachie.

Alifia mnadani. Aliinama kumshika mbuzi mguu, akakaa chini, akalala. Walimleta nyumbani mchana na mimi nikamwosha, kwa kuwa ndimi niliyejua namna yake na ndimi mkubwa. Maji yalikuwa ya vuguvugu kama inavyotakiwa. Nilianza upande wa kulia. Nilifanya kila kitu kwa utaratibu, sikuruka kitu, na watu walisema baadaye kwamba Mungu amenipa subira. Huenda. Mimi nilijua tu kwamba kuna kitu kilikuwa kinatakiwa kunipata na hakikunipata. Kesho yake nilikula uji. Baada ya siku chache nilirudi mlangoni, nikaponda barafu, sindano ikasoma sifuri, nikaanza kazi.

Tangu hapo nilikuwa hivyo. Nilisali kwa wakati, nililala, niliamka. Watu wakinipa pole niliwaitikia. Nyama niliigusa kila siku kama kawaida, nikabonyeza kidole, nikaangalia kama inarudi, na kidole hakikuniletea habari nyingine yoyote zaidi ya hiyo.

Mjane wake alikaa eda Mazingara. Miezi hiyo mzigo uliletwa na mchinjaji aliyekuwa akimsaidia marehemu, mpaka naye akapata kazi yake mwenyewe Chalinze akaaga. Tajiri akaniita ofisini. Ni mtu wa maneno machache, na hana ubaya.

"Mzee, shemeji yako anatoka eda lini?"

"Juma hili."

"Amenipigia simu. Anasema anaiweza kazi, wafugaji wanamjua. Mimi nimemwambia alete mzigo mmoja, kilo sitini kama za marehemu. Ukija kamili na mzuri, kazi ni yake. Ukiwa na kasoro, nampa bwana wa Korogwe. Yule ana gari la baridi na ananisumbua kila siku. Sawa?"

"Sawa."

"Na wewe ndiye utakayepokea. Sitaki kusikia mambo ya ndugu."

"Hutayasikia," nikasema.

Siku ya kutoka eda ilipangwa dua nyumbani kwake. Wafugaji waliokuwa wakimuuzia marehemu walimletea mjane beberu mkubwa, mweupe na madoa, kuwa mkono wao wa pole. Wao si watu wa dua zetu, lakini pole ya kwao hutembea kwa miguu minne, na ni heshima kubwa. Imamu wa pale alimchinja mwenyewe adhuhuri. Halafu mvua ikanyesha. Mto unaokata barabara ya Mazingara ukajaa, na sisi tuliotoka upande wa Kabuku tukasimama ng'ambo na viatu mkononi, tukaangalia maji ya rangi ya chai ya maziwa, tukarudi. Dua ilisomwa na majirani wachache. Sufuria zilizopikwa zilitosha na kubaki, na sehemu ya beberu haikupikwa kabisa.

Hayo ya nyama iliyobaki sikuyajua wakati huo. Niliyajua mlangoni.

Siku iliyofuata ndiyo ilikuwa siku ya mzigo wake. Maji ya mto yalikuwa yameshuka usiku. Alikuja kwenye ile ile pikipiki ya magurudumu matatu, inaendeshwa na kijana wa kukodi, na yeye amekaa nyuma juu ya kreti, amejifunga kanga mbili na kushikilia chuma. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona nje ya nyumba tangu mazishi. Alikuwa amekonda usoni. Alishuka akajinyoosha mgongo.

"Shikamoo shemeji."

"Marahaba. Pole na safari. Habari za nyumbani?"

"Nyumbani salama, tunamshukuru Mungu. Mliuona mto jana?"

"Tuliuona. Tulirudi."

"Niliambiwa. Mlisimama kama korongo."

Mpishi alikuwa ametoka jikoni na mwiko mkononi. Alimpa pole kwa kumshika mikono yote miwili, akamwangalia, kisha akashindwa kujizuia kama kawaida yake. "Haya, karibu mke wa ustaadhi! Tulikuwa tunakungoja. Wazigua si ndivyo mnavyofanya, kaka anachukua mji na mjane wa mdogo wake?"

"Huyu?" shemeji yangu akasema. "Huyu atanipima joto kwanza kabla hajanioa."

Mpishi alicheka mpaka akaweka mwiko kwenye dirisha. Mimi nilitabasamu, maana ilikuwa ni ya kuchekesha. Nililijua hilo kwa akili.

"Leta mzigo," nikasema.

Kreti nne zilishushwa. Niliwaomba waziweke juu ya meza ya bati, si chini, nikafunua turubai. Nyama ilikuwa imekatwa vizuri, kwa mkono unaojua viungo, mafuta meupe, hakuna manyoya, hakuna uchafu wa tumbo. Harufu ilikuwa ya damu safi na ya moshi kidogo wa pikipiki. Kwenye kila paja palikuwa na muhuri wa bluu wa bwana mifugo, umekauka. Nilipangusa sindano kwa spiriti, nikaichoma kwenye sehemu nene ya paja, mbali na mfupa, nikasubiri namba itulie. Thelathini na tatu. Nilipangusa, nikachoma la pili. Thelathini na mbili. Kreti ya kwanza, ya pili, ya tatu, zote zilikuwa za asubuhi ile.

"Umechinja saa ngapi?"

"Baada ya swala ya alfajiri. Machinjioni hapa hapa Kabuku, maji yaliposhuka usiku nilivuka, nikalala kwa ndugu yangu upande huu ili mto usinifanyie tena." Alikuwa anaongea haraka. "Ni nzuri, si ndiyo?"

"Ni nzuri."

Kreti ya nne ilikuwa na paja moja kubwa kupita mengine yote, bega, na mbavu za upande mmoja. Nililigeuza lile paja kutafuta muhuri. Halikuwa nao. Niligeuza tena. Kidole changu kiliniambia kwamba ni la baridi, na mtu asiyejua angefurahi, kwa kuwa watu wengi wanadhani baridi ni uzima. Nilichoma sindano. Namba ilishuka, ikapanda, ikatulia kwenye kumi na sita.

Nilitoa, nikapangusa, nikachoma upande mwingine. Kumi na sita.

Nyama iliyochinjwa alfajiri haiwezi kufika nyuzi hizo saa moja asubuhi juu ya pikipiki. Na iliyokaa kwenye jokofu zima haiwezi kuwa nazo pia. Kumi na sita ni nyama iliyolala mahali ambapo baridi ilikuja ikaondoka. Nilibonyeza nje. Palikuwa panatelezateleza, bado kidogo tu, kama mkono ulioshika sabuni ukasuuzwa vibaya. Nilinusa karibu na mfupa. Hapakuwa na harufu mbaya. Hapakuwa na harufu nzuri vilevile.

"Hii ni ya wapi?" nikamwuliza.

Hakuniangalia. Alirekebisha kanga. Kisha akaniangalia.

"Ya jana, shemeji. Ni ya yule beberu wa dua."

Mpishi aliacha kucheka.

"Nilipeleka mbuzi watano machinjioni," shemeji akaendelea. "Mmoja bwana mifugo akamkuta nyama yote ina umanjano, mpaka mafuta. Akasema huyu azikwe. Nikabaki na wanne, na kilo hazifiki. Nimekaa pale nalia, nikakumbuka nyama ya dua. Tuliiweka kwenye jokofu la soda la jirani, nikampigia mwanangu simu akaiwahisha."

"Umeme ulikuwepo usiku?"

"Ulikatika. Wakaurudisha alfajiri. Lakini shemeji, imechinjwa na imamu mwenyewe. Kwa bismillahi. Imesomewa. Hii ni safi kuliko zote humo. Na ni ya baridi, si nasikia kwenu ndiyo mnaitaka ya baridi?"

Hakuwa anadanganya. Kwake yeye usafi wa nyama ile ulikuwa umekamilika mara tatu: mkono wa imamu, nia ya waliotoa, na jina la aliyesomewa. Nami nimesomesha miaka mingi juu ya kilicho halali, na kwenye hilo hakukosea. Lakini kuna wadudu wasiosikia dua, wanazaliana kwenye nyuzi kumi na sita usiku kucha, na abiria wa basi la Arusha wanakula saa sita.

"Haiwezi kupita," nikasema.

"Shemeji."

"Haina muhuri, na joto lake limeshavuka."

"Ustaadhi," mpishi akasema kwa sauti ya chini ambayo sikujua anayo, "hebu ngoja. Mimi nitaitia kwenye sufuria kubwa sasa hivi, nitaichemsha mpaka mfupa uachie. Nani atajua?"

"Atakayekula sumu aliyoiacha mdudu kabla hujawasha moto. Chakula kikishaharibika, moto haukitengenezi. Wewe ndiye uliyenifundisha."

"Nilikufundisha uwapime wageni," akasema. "Huyu ni shemeji yako, unamshika kama mwizi wa kuku."

"Nampima kama mzigo."

"Basi iwe chakula cha wafanyakazi."

"Kilichokataliwa hakivuki kizingiti. Wala cha wafanyakazi."

Mpishi alinitazama kama mtu anayetazama mlango uliofungwa kwa ndani. "Babu," akasema, akiwa amesahau kwamba tuko mbele za watu, "tangu mdogo wako afe umekuwa kama hiyo sindano yako." Akaingia jikoni.

Nilisubiri neno hilo liniumize. Nilikuwa tayari nalo. Lilipita.

Tulipima uzito. Niliweka kreti tupu kwanza, nikatoa uzito wake, kisha tukaweka zenye nyama moja baada ya nyingine. Zile tatu zilitoa kilo hamsini na moja. Ya nne nilipima pia, kwa sababu kilichokataliwa lazima kiandikwe uzito, ili pasije pakasemwa baadaye kwamba kilikuwa kidogo au kingi. Ilikuwa kilo kumi. Zote pamoja zingekuwa sitini na moja. Shemeji yangu alikuwa akifuata mshale wa mzani kwa macho, na najua alijumlisha kabla yangu.

"Shemeji, sikiliza," akasema. Alinisogelea, akapunguza sauti ingawa hapakuwa na mtu ila kijana wa pikipiki aliyekuwa anachezea simu. "Andika sitini. Usiandike hii mbaya, nairudisha nyumbani, sawa, umeshinda. Andika tu sitini, saini. Mimi nakwenda sasa hivi kwa wafugaji, nachukua mbuzi mwingine, jioni nakuletea kilo hizo tisa. Hakuna atakayedhulumiwa. Unanijua. Mdogo wako... mume wangu angekuomba hivi ungemkatalia?"

"Hakuwahi kuniomba."

"Kwa kuwa hakuwahi kupungukiwa!" Sauti yake ilipanda, ikavunjika. "Hakuwahi kukaa eda miezi minne akatoka siku moja, na kesho yake awe na kilo sitini! Ninyi mna mizani. Mimi nina watoto."

Niliusikia ukweli wake wote. Nilikuwa nimesimama na kalamu mkononi, na ilikuwa rahisi sana. Namba sitini si ndefu. Jioni angeleta kweli, ninamjua. Lakini saini ni kusema kwamba kitu kipo mbele yangu, na kitu hakikuwepo. Nimewahi kuapa kwa jambo dogo kuliko hilo huku nikimhofu Mungu. Siku ile sikuwa hata na hofu. Niliandika hamsini na moja.

Chini yake niliandika kilichokataliwa, na sababu: hakina muhuri, nyuzi kumi na sita. Nikamgeuzia karatasi.

"Anayeleta anasaini pia," nikamwambia. "Hapa kwa kilichopokelewa. Na hapa kwa kilichokataliwa."

Alichukua kalamu. Aliandika jina lake mara mbili, kwa herufi za shule ya msingi, akizikandamiza mpaka karatasi ya pili ikatoboka. Niliingiza zile kreti tatu ndani mwenyewe, kwa sababu nyama ya moto haisubiri, na mpishi alizipokea bila kunitazama.

Tajiri alifika kabla shemeji hajaondoka. Alisimamisha gari nyuma, akamsalimia shemeji yangu kwa heshima, akampa pole, akachukua karatasi akaisoma akiwa amesimama.

"Hamsini na moja," akasema.

"Ndiyo," nikasema.

"Na hii iliyokataliwa?"

"Ni ya jana. Nilimwuliza, akaniambia ya jana. Sikuhitaji kuuliza mara mbili." Kisha nikaongeza, ingawa sikuwa nimeulizwa, "Hiyo hamsini na moja ni nyama nzuri kama ya marehemu. Na mtu anayejibu ukweli akiwa anajua unamgharimu, mimi mlangoni hapa nimekutana nao wachache."

Tajiri alikunja karatasi. Alifikiri kweli, sitamsingizia. Aliangalia pikipiki, akaangalia turubai, akaangalia jua lililokuwa limeshaanza kuchoma saruji.

"Mama," akasema, "nyama yako nimeipokea, utalipwa zote hamsini na moja. Lakini mimi nina mabasi. Siku pakipungua kilo tisa, kuna meza tatu zimeondoka na njaa zinanitukana barabara nzima mpaka Moshi. Na sina ubavu wa kungoja mto ushuke. Wa Korogwe ataanza Jumatatu. Usinichukie."

"Sikuchukii, baba," akasema. Alikuwa mkubwa kuliko tajiri kwa umri, lakini alimwita baba. "Ulisema ukipungua. Umepungua."

Alikusanya kreti yake moja. Nilimsaidia kuipandisha. Paja lile lilikuwa limeanza kutoa unyevu kwenye jua, na nzi wawili walikuwa juu yake.

"Hiyo usiipike, shemeji," nikasema. "Wala usimpe mtu."

"Nitaifukia." Alipanda juu, akashika chuma. "Umefanya kazi yako. Mimi sina neno. Ila nikuulize kitu kimoja. Siku ile ulipomwosha, ulilia?"

"Hapana."

"Nilijua," akasema, bila ubaya, kama mtu aliyepata bei aliyoitarajia. "Watu walikuwa wanasema ustaadhi ana imani. Mimi nikasema huyu hajafika bado. Yuko njiani."

Kijana akawasha pikipiki.

Jumatatu gari la Korogwe likaja, jeupe, mlango wake wa nyuma ukitoa mvuke wa baridi. Mbuzi waliochunwa wametundikwa wazima wazima, muhuri kila paja, nyuzi nne. Kilo sitini na nusu. Nilipima, nilinusa, nilibonyeza, nilisaini. Jumatano vilevile. Ijumaa vilevile. Hakuna kasoro ningeweza kuitaja, na Mungu ni shahidi kwamba niliitafuta. Mpishi alirudi kunitania baada ya juma moja hivi, maana hawezi kunyamaza zaidi ya hapo, na mimi nilimwitikia kama siku zote.

Mazingara nilikwenda nilipopata ruhusa. Sikumkuta shemeji. Watoto walisema mama yuko nyanda za chini kwa wafugaji, na atarudi na mbuzi. Nikauliza mbuzi wa nini, wakasema wa kuuza. Nikawaombea dua, nikawaachia sukari, nikarudi.

Miezi ilipita. Masika yakaja na kwisha. Asubuhi moja dereva wa gari la Korogwe, mtu mzima mwenye kikohozi, alikuwa anafungua mlango wa nyuma huku mimi nikipangusa sindano.

"Mzee, una salamu zako," akasema.

"Kutoka kwa nani?"

"Mama mmoja wa Mazingara. Ndiye anayetuuzia mbuzi siku hizi, wote hawa. Bosi wangu hajui Kimaa, alikuwa anapigwa bei mnadani mpaka anatia huruma. Huyo mama ndiye anakwenda kule ndani mwenyewe, anachagua, anatuletea wazima hadi kwenye gari. Anaangalia macho, anaangalia kinyesi, anamsukuma mbuzi aone anavyotembea. Akimkataa, hata mfugaji apige magoti, hamchukui." Dereva alicheka, akakohoa. "Jana ameniambia, mwambie yule mzee wa mlangoni kwamba wa leo nimewachagua mimi. Awapime vizuri, asinionee haya."

Nilichoma sindano kwenye paja la kwanza, mbali na mfupa. Nne. La pili, nne. Nilibonyeza, nyama ikarudi. Muhuri ulikuwepo. Niliwapanga kwenye mzani mmoja mmoja, na mikono yangu ilikuwa mizito kidogo kuliko kawaida, basi nikaenda taratibu.

"Mwambie wamepita," nikasema.

"Wote?"

"Wote."

Nilisema alhamdulillahi, kwa ulimi, kama ninavyosema kila siku. Niliingojea sehemu nyingine ya neno hilo ishuke kifuani. Haikushuka yote. Lakini sikuwa na haraka nayo. Nikachukua kalamu, nikasaini.